Foleni za ngazi nyingi hujuaje kazi iliyo fupi?

Swali: *Mwalimu, darasani tuliambiwa kwamba kuhudumia kazi fupi kwanza ndiko kunakopunguza zaidi wastani wa kusubiri, ila haiwezekani kwa sababu mfumo endeshi haujui kazi itachukua muda gani. Wiki iliyofuata tukafundishwa foleni za ngazi nyingi zenye mrejesho, na kitabu kinasema zinakaribia matokeo yale yale. Zinabashirije jambo ambalo hazijaambiwa? Je, mtumiaji hawezi kuzidanganya?*

Jibu: Ndugu yangu, neno "kubashiri" ndilo linalokutatiza, kwa kuwa linafanya ionekane kana kwamba kipangaji zamu, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayoamua nani apewe prosesa, hutazama mchakato mpya na kukadiria urefu wake. Hakifanyi hivyo. Mchakato unapoingia, kipangaji hakina habari yoyote juu yake, kwa hiyo huuchukulia kuwa mfupi, kama kinavyouchukulia kila mchakato mwingine unaoingia, na kuuweka kwenye foleni ya juu kabisa. Kuanzia hapo kazi yake ni kuhesabu muda wa prosesa ambao mchakato huo umekwisha kuutumia. Ukimaliza au ukaenda kusubiri kitu kingine kabla mgao wake wa muda katika ngazi hiyo haujaisha, dhana ya ufupi inabaki. Ukiumaliza mgao wote, dhana imekanushwa na ushahidi wa mchakato wenyewe, nao unashushwa ngazi moja, mahali ambapo hupewa zamu ndefu zaidi lakini pale tu foleni zilizo juu yake zinapokuwa tupu. Gharama ya kudhani vibaya ni mgao mmoja mfupi, kwa kawaida milisekunde chache, na ndiyo maana kipangaji kinaweza kumudu kudhani hivyo kwa kila anayeingia.

Wazo hili lilitokana na CTSS, mfumo endeshi wa kugawana muda wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, uliooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 na kuelezwa katika makala ya mwaka 1962 ya Fernando Corbató, Marjorie Merwin-Daggett na Robert Daley. Katika mfumo ule kila ngazi ya chini ilikuwa na zamu ndefu mara mbili ya ile iliyo juu yake. Lakini kuna jambo moja katika makala ile ambalo vitabu vingi vya leo huliruka: mchakato haukuanzia lazima ngazi ya juu kabisa, bali ngazi yake ya mwanzo ilitegemea ukubwa wa programu. Sababu ni kwamba programu kubwa ilichukua muda mrefu kuingizwa kwenye kumbukumbu kuu, na haikuwa na maana kuitaabikia kuingiza kisha kuiondoa baada ya zamu fupi. Kwa hiyo hata waanzilishi walikuwa na kidokezo kimoja mkononi, yaani ukubwa, na wakakitumia. Mashine za sasa haziingizi na kuondoa programu nzima kila zamu, basi kidokezo hicho kikaachwa, ikabaki historia ya matumizi peke yake.

Tuchukue mfano wenye namba. Kuna ngazi tatu. Ya juu ina mgao wa milisekunde 10, ya kati 20, na ya chini huzungusha zamu za milisekunde 40. Wakati sifuri unaingia mchakato A, kompaila inayohitaji milisekunde 300 za prosesa. Unatumia milisekunde 10 za juu na kushushwa, unatumia 20 za kati na kushushwa tena, na kufikia milisekunde ya 30 tayari uko chini, ambako unaendelea bila usumbufu kwa kuwa hakuna mwingine. Milisekunde ya 100 unaingia mchakato B, utafutaji mdogo ndani ya faili unaohitaji milisekunde 25. Kwa kuwa B ni mpya, unawekwa juu na A unasimamishwa papo hapo. B unafanya kazi kutoka 100 hadi 110, unashushwa ngazi ya kati, na kwa kuwa A uko chini zaidi, B unaendelea hadi 125 na kumaliza. Mtumiaji wa B amepata jibu baada ya milisekunde 25, yaani muda ule ule ambao angeupata kama kipangaji kingekuwa kimeambiwa mapema kwamba B ni mfupi kuliko kilichobaki cha A. Chini ya utaratibu wa anayetangulia kufika kuhudumiwa mpaka mwisho, B ungengoja hadi milisekunde ya 300 na kumaliza 325, ambayo ni milisekunde 225 tangu ulipoingia.

Angalia kwamba B haukuwa mfupi kiasi cha kumaliza ndani ya mgao wa juu. Ulishushwa, na bado ulishinda. Kilichouokoa ni kwamba A ulikuwa umekwisha kujidhihirisha zaidi. Kipangaji hakihitaji kujua urefu halisi wa mchakato wowote. Kinahitaji mpangilio tu, nani ametumia zaidi na nani ametumia kidogo, na kinawatanguliza waliotumia kidogo.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali lako, kwa sababu mtu makini atauliza: kwa nini aliyetumia kidogo mpaka sasa awe ndiye atakayemaliza mapema? Hakuna kanuni ya mantiki inayolazimisha hivyo. Ni suala la jinsi urefu wa kazi unavyosambaa katika mashine halisi, na hapo hesabu ndogo inasaidia. Chukulia kwamba kati ya kazi 100 zinazoingia, 90 zinahitaji milisekunde 5 na 10 zinahitaji 500. Kazi inapoingia, wastani wa muda unaotarajiwa ni milisekunde 54.5. Ikishatumia milisekunde 10 bila kumaliza, hakuna tena shaka: ni mojawapo ya zile ndefu, na imebakiza 490. Umri wake umeongezeka, na mabaki tunayoyatarajia yameongezeka pamoja nao. Kazi za kawaida za kompyuta huelekea kufanana na picha hii, zile fupi zikiwa nyingi mno na ndefu zikiwa chache lakini ndefu kwelikweli, na katika hali hiyo muda uliokwisha kutumika ni shahidi mzuri wa muda uliobaki.

Picha hiyo ikigeuka, mfumo huu hugeuka nao na kuwa mbaya. Tuseme kazi kumi zimeingia pamoja, na kila moja inahitaji milisekunde 100 kamili. Zikihudumiwa moja baada ya nyingine, ya kwanza inamaliza kwenye 100, ya pili 200, na ya mwisho 1000, wastani ukiwa 550. Zipitishe kwenye ngazi zetu tatu: mzunguko wa juu unakula milisekunde 100, wa kati 200, wa kwanza wa chini 400, na kufikia milisekunde ya 700 hakuna hata moja iliyomaliza. Kila moja imebakiza 30, kwa hiyo zinamaliza kwa kufuatana kutoka 730 hadi 1000, na wastani ni 865. Hapa umri unamaanisha kinyume, kwa kuwa kazi iliyotumia milisekunde 90 ndiyo iliyo karibu kabisa na mwisho, lakini kipangaji kinaiweka nyuma. Ningependa kila mwanafunzi afanye hesabu hii kwa mkono kabla ya kusema kwamba foleni za ngazi nyingi ni bora. Ni bora kwa mchanganyiko wa aina fulani ya kazi, na seva inayopokea maombi yote yenye urefu mmoja haina mchanganyiko huo.

Kuhusu udanganyifu, ndiyo, inawezekana, na zamani ilikuwa rahisi. Katika toleo la mwanzo la kanuni hizi, mchakato ulioiachia prosesa kwa hiari kabla zamu haijaisha ulihesabiwa kuwa ni wa mazungumzo na mtumiaji, ukabaki kwenye ngazi yake na kuanza mgao mpya. Mwandishi mjanja wa programu angeweza kukokotoa kwa milisekunde 9, kisha akaandika baiti moja kwenye faili au akalala kwa muda mfupi sana, kisha akarudi na kukokotoa 9 nyingine. Mchakato wake ungekaa juu daima na kumeza karibu prosesa yote, huku wale wanaofuata utaratibu wakibaki chini. Tiba ni kutosahau. Hesabu ya matumizi inaendelea kujumlishwa hata mchakato ukilala mara kumi katikati, kama hivi:

```python
def baada_ya_zamu(p, ms):
    p.imetumia += ms
    if p.imetumia >= MGAO[p.ngazi]:
        p.ngazi = min(p.ngazi + 1, CHINI)
        p.imetumia = 0
```

Toleo lenye udhaifu lingerudisha `imetumia` kwenye sifuri kila mchakato unapolala. Kwa msimbo huu, mjanja wetu anatumia 9, analala, anatumia 1 na anashushwa kama wengine.

Lakini tiba hii ina athari ambayo maelezo mengi huipita haraka, nayo ndiyo ningependa uiweke akilini kuliko nyingine zote. Ikiwa hatusahau kamwe, basi hata mchakato mwema utazama. Kihariri matini kinachotumia milisekunde 1 kwa kila kitufe unachobonyeza kitakuwa kimemaliza mgao wake wa 10 baada ya vitufe kumi, na baada ya vitufe thelathini kitakuwa chini pamoja na kompaila. Kwa hiyo mfumo unalazimika kusahau, ila kwa ratiba yake wenyewe na si kwa hiari ya mchakato: kila baada ya kipindi fulani, tuseme sekunde moja, michakato yote inapandishwa juu na hesabu zote zinaanza upya. Kupandisha huku hufundishwa kama dawa ya kuzuia kazi ndefu zisinyimwe zamu milele, na ni kweli hufanya hivyo. Zaidi ya hapo, pia ndiko kunakoamua maana ya neno "fupi".

Fikiria namba hizo mbili pamoja. Mgao wa juu ni milisekunde 10, na kipindi cha kupandisha ni milisekunde 1000. Mchakato unaotumia chini ya milisekunde 10 ndani ya kila sekunde, yaani chini ya asilimia 1 ya prosesa, hautaondoka juu kamwe. Mwandishi anayebonyeza vitufe vitano kwa sekunde anatumia 5, basi kihariri chake kinabaki juu siku nzima. Anayezidi asilimia 1 atashuka kabla sekunde haijaisha, na anayezidi asilimia 3, kwa kuwa 10 na 20 ni 30, atafika chini. Hivi ndivyo kipangaji kinavyotenganisha michakato kwa kweli. Hakitazami kama mchakato unazungumza na mtu au la, na hakijui dirisha lipi liko mbele ya macho yako. Kinapima uwiano wa matumizi ndani ya kipindi. Mtu akibadilisha mgao au kipindi, amebadilisha mpaka huo, hata kama hakukusudia.

Ubaya unapotokea, hutokea hasa kwenye mpaka huo. Chukua programu ya mkutano wa video ambayo kila baada ya milisekunde 20 inaamka, inatumia milisekunde 6 kushughulikia picha na sauti, kisha inalala. Kila mwamko wake ni mfupi, na binadamu yeyote angesema inastahili kuwa juu. Kwa hesabu ya kipangaji, hata ikiwa peke yake, mwamko wa pili unamaliza mgao wa juu, na mwamko wa tano unafikisha jumla ya milisekunde 30, kwa hiyo kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kupita programu imeshafika ngazi ya chini. Washindani wakiwapo, kufika huko kunachelewa kidogo tu. Ikiwa chini kuna kompaila mbili zenye zamu za milisekunde 40 kila moja, programu ya video inaweza kungoja hadi milisekunde 80 kabla ya kuguswa, na ilihitaji kuguswa kila baada ya 20. Mtumiaji atasikia sauti inayokatika, na akisikiliza kwa makini atagundua kwamba ukatikaji una mdundo: mambo yanakaribia kuwa ya kawaida kwa muda mfupi, kisha yanaharibika, kisha yanarudia baada ya takriban sekunde moja. Mdundo unaolingana na kipindi cha kupandisha ni dalili nzuri kwamba tatizo ni ngazi, na si mtandao wala diski.

Je, suluhisho ni kufupisha kipindi? Ukikifanya milisekunde 50, programu ya video itatumia takriban 12 hadi 18 katika kila kipindi na haitafika chini, lakini kompaila nazo zinapandishwa kila milisekunde 50, na muda mwingi kila mchakato utakuwa juu au kati. Ngazi zitakuwa zimepoteza kazi yake, na utabaki na mzunguko wa kawaida wa zamu. Ukikirefusha hadi sekunde 10, kazi ndefu inaweza kungoja sekunde nyingi bila kuguswa wakati watumiaji wengi wako mezani. Kwa mchakato wenye tarehe ya mwisho kila milisekunde 20, ushauri wangu ni kuutoa kabisa kwenye utaratibu huu na kuuweka kwenye daraja la wakati halisi, kwa kuwa pale tunajua urefu na mahitaji yake, na kipangaji kinachojifunza kutokana na historia hakina haja ya kujifunza kilichokwisha kujulikana.

Ukitaka kuona namba ambazo wahandisi walizichagua katika mfumo halisi, mfumo endeshi wa Solaris huzionesha wazi kwa amri `dispadmin -c TS -g`. Daraja la kugawana muda lina ngazi 60, kuanzia 0 hadi 59, na namba kubwa ndiyo ngazi ya juu. Hii ndiyo mistari ya ncha mbili katika jedwali la kawaida:

```
# ts_quantum  ts_tqexp  ts_slpret  ts_maxwait  ts_lwait
        200         0         50           0        50   #  0
         20        49         59       32000        59   # 59
```

Safu ya kwanza ni zamu kwa milisekunde, na ya pili ni ngazi utakayoangukia zamu ikiisha. Mchakato wa ngazi ya 59 ukimaliza milisekunde zake 20 unaanguka hadi 49, ngazi kumi kwa mkupuo mmoja, na ukiendelea kukokotoa bila kulala unafuata 39, 29, 19, 9 na hatimaye 0, zamu zikirefuka kutoka 20 hadi 200. Safu ya tatu inaonesha ngazi ambayo mchakato unaweza kurudishiwa ukiamka baada ya usingizi wa kutosha. Hata ule ulioko 0 unaweza kuruka hadi 50. Mbili za mwisho zinahusu kungoja: muda wa kusubiri kwa sekunde, na ngazi ya kupandishwa muda huo ukipita. Hapa kupandisha hakufanyiki kwa wote kwa pamoja kama katika mfano wetu, bali kila mchakato unapandishwa kwa sababu umekaa bila zamu. Windows hufanya jambo la jamaa hiyo: katika ngazi zake 32, kila sekunde hutafutwa nyuzi zilizongoja kwa takriban sekunde 4 bila kupata prosesa, nazo huinuliwa kwa muda hadi ngazi ya 15.

Linux ya leo haitumii foleni za aina hii kwa michakato ya kawaida. Tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007 ilihamia kwenye kugawa muda kwa usawa. Hata hivyo unaweza kuutazama humo ule ushahidi ambao foleni zetu huutegemea, kwa sababu kerneli huhesabu, kwa kila mchakato, mara ngapi umeiachia prosesa kwa hiari na mara ngapi umenyang'anywa. Fungua kihariri matini kwenye terminali moja, na kwenye nyingine endesha kitanzi kisichoisha ndani ya ganda la amri. Kisha soma hesabu za kila mmoja, ukiweka namba ya mchakato mahali pa `PID`:

```
grep ctxt /proc/PID/status
```

Kihariri kitakuonesha `voluntary_ctxt_switches` inayopanda kila unapobonyeza vitufe, huku `nonvoluntary_ctxt_switches` ikiwa karibu imesimama. Kwenye kitanzi itakuwa kinyume chake, mradi kuna mchakato mwingine unaogombea kiini kile kile cha prosesa. Kama mashine yako ina viini vingi, funga vitanzi viwili kwenye kimoja kwa `taskset -c 0` ili ugombeaji uwepo. Baada ya hapo jaribu programu ya tatu, inayokokotoa kidogo na kulala kidogo kwa kupokezana, uone kwamba hesabu ya hiari peke yake inaifanya ifanane na kihariri hata inapokula nusu ya prosesa. Soma na muda wake wa prosesa kwa `ps -o time,pcpu -p PID`, nawe utakuwa umeona kwa macho yako kwa nini kanuni ya kuhesabu usingizi iliachwa, ikashika nafasi yake kanuni ya kujumlisha matumizi.